Taa ya Taimingi Mwankoko

Siku hizi taimingi inategwa kwa sikio. Kijana analegeza nati ya distribyuta, anaizungusha mpaka mngurumo uwe mtamu, anakaza, gari linaondoka. Lakini injini isiyo na mzigo humsamehe fundi mambo mengi. Mlima Sekenke hausamehe.

Hapo ndipo ilipokuwa ikichemka pikapu moja ya Toyota, ya kabureta, kila ilipopandisha mpunga kutoka Igunga. Ilibadilishwa rejeta, ikang'olewa thamostati, ikaendelea kuchemka. Mzee mmoja, fundi wa Mwankoko, hakugusa maji. Aliomba chaki.

Alifuta puli ya krenki, akapaka chaki kwenye alama, akachomoa mpira wa vakyumu na kuuziba. Akaibana taa yake kwenye waya wa plagi namba moja, nyaya zikiwa mbali na feni. Injini ikawashwa. Taa hiyo humulika kila plagi hiyo inapochoma, kwa hiyo puli inayozunguka kwa kasi huonekana imeganda, na alama nyeupe imetulia mbele ya macho yako. Feni nayo huweza kuonekana imesimama. Ole wa anayepeleka mkono.

Injini ile ilitaka cheche digrii 8 kabla pistoni haijafika juu. Alama ilikaa kwenye sifuri.

Mafuta hayawaki yote kwa mpigo mmoja. Cheche lazima itangulie, ili msukumo mkubwa uipate pistoni ikiwa imeanza tu kushuka. Ikichelewa, pistoni imeshakimbia: nguvu inapotea, moto unamalizikia kwenye ekzosi, valvu zinaungua, maji yanachemka. Dereva huongeza mafuta, na joto linazidi. Ikiwahi mno, moto unaikuta pistoni bado inapanda; injini inagonga kama kokoto kwenye kopo, na mwisho wake ni pistoni iliyotoboka.

Mzee hakukimbilia distribyuta. Alifungua kifuniko, akakuta kisigino cha platini kimelika na nafasi imebana, ndiyo maana platini ilichelewa kufunguka. Akairudisha kwenye milimita 0.45, akapima tena: digrii 4. Zilizobaki alizipata kwa kuzungusha distribyuta digrii 2 tu, kinyume na mzunguko wa rota, kwa kuwa krenki huzunguka mara mbili rota inapozunguka mara moja. Kisha akakanyagisha mafuta, alama ikapanda yenyewe. Vyuma vya ndani vinavyowahisha cheche mwendo ukiongezeka vilikuwa hai.

Injini mpya hazina distribyuta. Kompyuta hutega cheche yenyewe, na sioni ubaya wake. Kinachoniuma ni zile Toyota na Land Rover za zamani ambazo bado zinabeba alizeti vijijini, zinazungushwa distribyuta kwa kukisia, zinauziwa rejeta zisizozihitaji, ilhali alama iko palepale kwenye puli, imefunikwa na grisi, na hakuna anayeifuta.