Kitunguu cha Moto Mdogo: Namna ya Kukijua Kilichoiva na Kukiokoa Kilichoungua

Rubavu ni wilaya ya vitunguu. Kutoka Nyakiriba, juu ya mji wa Gisenyi, udongo mweusi wa volkano unazaa vitunguu vyekundu vikali vinavyoshuka sokoni kwa magunia, na vingine huvuka mpaka kwenda Goma. Nyumbani vingi huishia kwenye sufuria ya maharage, vikikaangwa dakika tano mpaka vilainike, halafu nyanya inafuata. Lakini kitunguu hichohicho kikikaa motoni saa moja hugeuka kuwa kitu kingine kabisa: utamu mzito wenye rangi ya kahawia, ambao kijiko kimoja chake kinabadilisha chungu kizima cha maharage au mchuzi wa nyama. Hicho ndicho ninachozungumzia hapa, na si vitunguu vikavu vya biriani wanavyovijua wapishi wa Zanzibar na Mombasa. Vile huzamishwa katika mafuta mengi ya moto, maji yakatoka upesi, vikawa vikavu na vya kukatika. Hivi vya moto mdogo hubaki laini, vinang'aa, na havihitaji mafuta mengi.

Swali la kwanza la kila mpishi ni kwa nini vinachelewa hivyo. Jibu ni maji. Kitunguu kibichi ni maji kwa karibu asilimia 89, kwa hiyo kilo moja iliyomenywa inabeba takriban gramu 890 za maji, na sehemu kubwa yake lazima iondoke ndipo rangi ianze. Wakati maji yapo, moto unatumika kuyageuza mvuke, na joto la vitunguu halipandi kupita kiwango cha maji kuchemka. Katika miinuko ya mita 2,000 kiwango hicho ni nyuzi 93 hivi, si 100 kama pwani. Ndiyo sababu vitunguu huchukua muda zaidi kulainika huku juu, sawasawa na maharage. Nayo rangi ya kahawia na ladha yake huhitaji joto kubwa zaidi ya hapo, sukari ya kitunguu na protini zake zikikutana juu ya chuma kilichokauka. Ukiongeza moto kabla ya maji kuisha, tabaka la chini linaungua na la juu bado linachemka.

Chukua kilo moja. Chagua vitunguu vigumu, vyenye shingo iliyokauka na maganda yanayolia ukivishika. Kilichochipua kikate katikati, utoe kiini cha kijani. Kata kutoka kichwani kuelekea mzizini, vipande vya unene wa milimita 4 hivi, vyote sawa. Kikikatwa kwa upande husambaratika mapema, na vipande vyembamba vilivyochanganyika na vinene ndivyo vinavyoanza kuungua.

Sufuria za alumini zilizo nyingi majikoni mwetu ni nyembamba, na joto la makaa huzipiga mahali pamoja. Hapo dawa ni majivu. Makaa yakishika, yafunike kwa majivu mpaka wekundu uonekane kwa shida tu. Weka vijiko vitatu vikubwa vya mafuta, vitunguu vyote na nusu kijiko cha chai cha chumvi, ambayo huvuta maji nje. Funika. Baada ya robo saa hivi utakuta vimenywea, vimelainika na vinaelea katika maji yao. Funua. Sasa kinachosikika ni mchemko. Ukisikia sauti hiyo, huna la kuogopa, geuza mara mojamoja tu. Karibu na nusu saa mchemko hugeuka mlio mkavu wa kukaanga. Hapo kazi halisi inaanza, na hapo wengi huondoka jikoni.

Kuanzia hapo unaangalia chini ya sufuria kuliko vitunguu vyenyewe. Ukoko wa kahawia unaogandamana ni ladha: mimina vijiko viwili vya maji, kwangua kwa mwiko wa mti, uache vitunguu viunywe. Ukoko urudi tena, maji tena. Rudia hivyo kwa dakika 30 au 40, na kilo moja itabaki kama gramu 250 au 300. Kidogo cha magadi kinaharakisha rangi, lakini mimi sikitumii: vitunguu husagika kama uji na huacha ladha ya sabuni.

Kuvihukumu, weka kijiko kwenye sahani nyeupe na usubiri vipoe, kwa maana joto huficha uchungu. Vizuri ni vya kahawia nyekundu mpaka ndani ya uzi, uzi bado unaonekana, na havizungukwi na dimbwi la mafuta. Kama vimebadilika rangi pembezoni tu na katikati ni vyeupe, moto ulikuwa mkubwa. Mdomoni utamu uje kwanza, halafu ladha nzito kama ya mchuzi wa nyama, halafu kuishia hapo. Kama kuna kitu kinachelewa na kubaki nyuma ya ulimi, kinachokauka, hicho ni uchungu wa kuungua, hata kama rangi inapendeza.

Sasa kuokoa. Ukisikia harufu kali ya moshi, kosa kubwa ni kukwangua. Ondoa sufuria motoni na, bila kugusa chini, hamishia vitunguu vya juu katika sufuria safi, ukiacha vyote vilivyoshikamana. Toa kwa mkono nyuzi nyeusi. Mafuta yakinuka moshi, yachuje, utumie mapya. Kisha chukua kijiko kidogo cha ulivyookoa, ukoroge katika nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu, uonje. Maji yakiwa ya kahawia na matamu, umevipata. Endelea na moto wa majivu. Yakiwa na chembe nyeusi lakini uchungu ni wa mbali, bado kuna njia: kaanga vitunguu vipya, kiasi mara mbili ya hivyo, mpaka viive kwa utaratibu uleule, ndipo uvichanganye, na uongeze chumvi kidogo, ambayo hupunguza uchungu ulimini kuliko sukari inavyoweza. Sukari inaongeza utamu juu ya uchungu, na vyote viwili hubaki vikisikika. Matone ya limau au nyanya iliyoiva yanasaidia mwishoni kusawazisha.

Lakini maji ya kikombe yakiwa meusi na machungu, tupa. Najua kilo ya vitunguu na saa ya makaa si kitu kidogo, hasa bei ikipanda. Ila ukiviweka kwenye maharage kwa kufikiri vitapotea humo, uchungu husambaa kwenye chungu kizima, na sasa umepoteza maharage pia. Wala usikaange vingine katika sufuria ile kabla ya kuiloweka na kuisugua, kwa kuwa ukoko mweusi uliobaki utayeyuka katika maji ya vitunguu vipya.

Vilivyoiva vizuri hukaa kwenye jokofu siku nne au tano katika chombo kilichofunikwa. Vitie kwenye maharage yakiwa tayari yameiva, kijiko kikubwa kimoja kwa watu wanne, uache dakika kumi yakichemka polepole. Kitunguu saumu, kama unakitaka, kiingie katika dakika hizo za mwisho. Ukikiweka mapema pamoja na vitunguu huungua kabla yao, na uchungu wake utaudhania kuwa wa kitunguu.