Ufundi wa Kuandika Gari Linalouzwa

Minada ya korosho ikishaanza na malipo yakianza kuingia, simu za watu wa Nachingwea na Ruangwa hujaa matangazo ya magari. "Gari kali sana, kadi orijino, haidaiwi, ni kuwasha na kuondoka, maongezi yapo." Nimeyasoma mengi hadi nimeyakariri. Kasoro yake si uongo, maana mengine ni ya kweli kabisa. Kasoro ni kwamba hayana neno ambalo mnunuzi anaweza kulishika akaenda nalo kwenye gari kulikagua. Ukali wa gari unapimwa kwa kitu gani?

Inanishangaza zaidi kwa sababu huku kwetu tunajua kuuza kitu kwa maelezo. Kwa miaka mingi sasa korosho inapitia stakabadhi ghalani, na anayeweka bei kwenye mnada wa RUNALI, chama kikuu cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, hafungui kila gunia. Ananunua daraja, uzito, unyevu na ghala mzigo ulipo, na kila kimoja kinaweza kupimwa tena. Mkulima huyohuyo aliyebishana ghalani juu ya kiwango cha unyevu, akishalipwa, ananunua gari kwa sababu ni "kali".

Ndiyo maana nilifurahi kuona karatasi aliyoiandika mwalimu mmoja mstaafu wa Nachingwea, alipokuwa anamuuzia Probox yake mkulima wa Mkotokuyana. Mnunuzi alikuwa na shughuli za shamba, hakutaka kuja mjini bure, akasema, "Mwalimu, niandikie kila kitu, nikiridhika nitakuja na fundi." Mwalimu akaandika ukurasa mmoja. Sehemu ya kwanza ilisomeka hivi:

"Toyota Probox, imetengenezwa 2006, imesajiliwa Tanzania 2016. Injini 1NZ, gia otomatiki. Kibao cha njano. Mita inasoma 187,400. Cheti ilichokuja nacho kutoka Japani kinaonyesha 96,000, nakala ipo. Nilibadilisha oili mara kumi, tarehe na kilomita zimo daftarini. Kati ya mwanzo wa 2019 na mwanzo wa 2021 gari halikuwa mikononi mwangu, lilibeba abiria Nachingwea na Ruangwa, na daftari halina kitu."

Tazama alivyoanza na miaka miwili, siyo mmoja. Wauzaji wengi huandika "ya 2016" na kunyamaza, kwa sababu herufi za kibao ndizo watu wanazosoma: namba D, namba E. Lakini herufi zinasema gari liliandikishwa lini hapa nchini, hazisemi lilitoka lini kiwandani. Probox hii ilikuwa na umri wa miaka kumi siku inafungwa kibao. Rangi ya kibao nayo ina maneno yake, kwani njano ni gari binafsi na nyeupe ni gari la biashara. Mwalimu alijua kwamba njano yake, kwa ile miaka miwili, ilikuwa inasema nusu ya ukweli, akaijazia mwenyewe.

Kisha kilomita. Mita ya kielektroniki inarudishwa nyuma na mtu mwenye kompyuta na muda mfupi, kwa hiyo namba ya dashibodi ikisimama peke yake si ushahidi. Inapata nguvu ikiwa na namba nyingine za kulinganisha nayo. Cheti cha Japani mara nyingi huandika mita ilisoma ngapi kwenye ukaguzi wa mwisho kule. Daftari la mwalimu lilikuwa na usomaji wa 121,000 mwanzo wa 2019 na 159,000 mwanzo wa 2021. Piga hesabu. Miaka mitatu ya kwanza gari lilikwenda kilomita 25,000, mwendo wa mwalimu wa kwenda shule na sokoni. Miaka miwili ya abiria ikala 38,000. Iliyobaki, 28,400, ikachukua miaka minne na zaidi. Namba hizi zinaelezana. Mtu anayetunga kilomita hukumbuka kuifanya jumla iwe ndogo, lakini ni nadra akumbuke kuipa gari historia yenye mwendo unaopanda na kushuka kwa sababu zinazojulikana.

Fundi akija, ataongeza ushahidi wa mwili wa gari lenyewe. Mpira wa pedali ya breki ukiwa umelika hadi chuma kinachungulia, na usukani umeng'aa pale mikono inaposhika, huku mita inasoma 80,000, mojawapo inadanganya, na pedali haijui kudanganya.

Sasa lile pengo la daftari. Muuzaji wa kawaida angelificha, au angeandika "imefanyiwa sevisi kwa wakati". Kwa kilomita 38,000, injini hii ilistahili kubadilishwa oili mara saba au zaidi ukifuata kilomita 5,000 kwa kila mara, na hakuna anayejua ilibadilishwa mara ngapi. Oili ikizeeka ndani ya injini huacha masizi, ringi za pistoni zinaganda kwenye mifereji yake, zinashindwa kukwangua oili ukutani mwa silinda, na oili inaungua pamoja na petroli. Ukijua pengo, unajua pa kutafuta ugonjwa. Na mwalimu, katika sehemu ya matatizo, aliandika hasa hilo: "Injini inakula oili. Naongeza nusu lita kila kilomita 1,000. Moshi wa buluu unaonekana asubuhi wakati wa kuwasha, kisha unapungua."

Hapo ndipo ufundi ulipo. Hakusema "inakula oili kidogo", kwa sababu kidogo ya muuzaji na kidogo ya mnunuzi hazijawahi kukutana. Alitoa kipimo, na mnunuzi akakigeuza kuwa hela. Kwa kilomita 10,000 kwa mwaka ni lita tano za nyongeza, anaweza kuziweka kwenye hesabu au kupanga kufungua injini baadaye. Alisema pia lini tatizo linajionyesha. Moshi huo unaonekana injini ikiwa imelala usiku kucha, na ndiyo sababu fundi makini akifika huweka kwanza kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto kabla hamjaanza mazungumzo, gari limewashwa kabla yenu, na mnaomba kurudi kesho asubuhi. Moshi mweupe usioisha, na maji ya rejeta yanapungua, ungekuwa kesi nyingine na nzito zaidi, ya gasketi. Rangi ya moshi ni neno moja tu, lakini linamwambia fundi aje na vifaa gani.

Matatizo mengine aliyagawa kwa namna ambayo ningependa iigwe. Kwanza aliandika anayoyajua: shokapu ya mbele kushoto inavuja, kioo cha mbele kina ufa upande wa abiria. Kisha anayoyashuku: usukani unatetemeka ukifika kilomita 80 kwa saa, "huenda ni balansi ya matairi au tai rodi, sijapima". Mwisho asiyoyajua: eisii haipulizi baridi, hajawahi kumpelekea fundi, kwa hiyo hawezi kusema ni gesi imeisha au kompresa imekufa. Muuzaji mwoga huandika "eisii inahitaji gesi tu". Hilo neno "tu" limewatia hasara watu wengi. Kama ni gesi tu, kwa nini hakuijaza kabla ya kupiga picha?

Aliongeza jambo moja ambalo sikuwahi kuliona kwenye tangazo lolote: "Taa ya injini inawaka ukifungua swichi na inazimika injini ikishawaka." Dashibodi isiyo na taa inayowaka huonekana kama habari njema, kumbe wapo wanaoitoa balbu au kukata waya ili mnunuzi asione kitu. Taa nzima lazima iwake kwanza, swichi ikiwa imefunguliwa na injini bado haijawashwa, kisha izimike. Isiyowaka kabisa inatisha kuliko inayowaka muda wote.

Karatasi za umiliki nitazipitia haraka, ingawa ndizo zinazopeleka watu mahakamani. "Kadi ipo" haitoshi. Kadi ipo kwa nani, na ina jina la nani? Wapo wanaoweka kadi kwa mkopeshaji na bado wanatangaza gari. Kadi ya Probox hii ilikuwa na jina la mtu wa Dar es Salaam aliyeliagiza. Mwalimu alinunua kwa mkataba na hakuwahi kubadilisha umiliki TRA. Aliandika hivyo bila kupaka rangi: jina si langu, mkataba wetu wa mauziano uliogongwa muhuri wa wakili upo, mwenye jina yu hai, anapokea simu na amekubali kushiriki uhamisho. Kifungu hicho cha mwisho kina thamani kuliko tairi mpya nne. Mwenye jina akiwa amefariki, inabidi msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ndiye atie saini, na gari linaweza kukaa miezi likisubiri familia ikubaliane. Namba ya chasi na ya injini alizinakili kutoka kwenye chuma chenyewe, hakuzitoa kwenye kadi, ili zilinganishwe. Faini za barabarani hufuata namba ya gari na huonekana kwenye mfumo wa TMS wa polisi. Alikuta moja ya shilingi 30,000, akailipa, akabana risiti. Ukiona tangazo linalojisifu kwamba leseni ya barabara imelipwa, ujue mwandishi ananakili tangazo la zamani, kwani ada hiyo ya kila mwaka ilifutwa kwenye bajeti ya 2017 ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta.

Mnunuzi alikuja asubuhi na fundi wake. Kilomita hakuuliza, oili hakubishana. Mazungumzo yote ya bei yalihusu shokapu, eisii na gharama za uhamisho, nani alipe nini. Fundi alikuta kitu kimoja kisichoandikwa: tairi ya akiba ilikuwa na tarakimu 2312 ubavuni, yaani imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2012. Bado ilikuwa na meno mazuri, lakini mpira wa umri ule haubebi magunia. Mwalimu hakujua kwamba zile tarakimu nne zinasomwa hivyo. Akachukua kalamu, akaongeza mstari wa tairi chini ya orodha ya matatizo, akaweka saini ndogo pembeni.

Walipofika kwa wakili, mnunuzi akaomba ukurasa ule ubanwe nyuma ya mkataba. Wakili hakuona tabu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kinachouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo yake. Akagonga muhuri kurasa zote mbili.