Kosa Lilikaa Kabla ya -i

Mlioitazama video ya ule mhadhara uliorekodiwa kwa kivinjari mliona wenyewe: mzungumzaji bado anafafanua slaidi ya tatu, na skrini imeshafika ya nane. Ilipofika dakika ya 16 picha ikaganda, sauti ikaendelea peke yake mpaka dakika ya 40. Wengi walilaumu intaneti, wengine wakalaumu kivinjari kilichorekodi. Mimi sikubaliani nao. Faili la webm lililotoka kwenye kivinjari lilikuwa zima. Lililoharibika ni lile la mp4, na liliharibiwa na uamuzi mmoja wa fundi aliyeligeuza. Amri aliyoitumia ni hii:

```
ffmpeg -r 30 -i mhadhara.webm -c:v libx264 \
  -pix_fmt yuv420p -c:a aac mhadhara.mp4
```

Mengine yote alipatia: H.264, AAC na yuv420p ndivyo vinavyokubalika kwenye runinga na vicheza video vya zamani, ambavyo haviwezi kusoma VP9 wala Opus.

Tatizo ni ile `-r 30` iliyotangulia `-i`. Kivinjari kinaporekodi skrini hakitoi fremu kwa mwendo mmoja. Slaidi ikitulia, fremu huja chache. Kishale kikitembea au slaidi ikibadilika, huja nyingi. Kila fremu huandikwa pamoja na alama yake ya muda, na alama hizo ndizo zinazoishikanisha picha na sauti. Sasa `-r` ikikaa kabla ya `-i`, inaiamuru ffmpeg izitupe alama hizo zote, kisha ipange fremu kwa umbali sawa, 30 kwa kila sekunde, kana kwamba ndivyo zilivyorekodiwa.

Pigeni hesabu. Mhadhara ni wa dakika 40, yaani sekunde 2,400. Fremu zilizomo ni 28,800, kwa hiyo wastani ni fremu 12 kwa sekunde. Ukizilazimisha kupita 30 kwa sekunde, zinakwisha baada ya sekunde 960, yaani dakika 16. Sauti haikuguswa na amri ile, ikabaki na dakika zake 40. Basi picha haikuganda kwa bahati mbaya, ilikwisha.

Najua alivutwa na nini. Ukilifungua faili la namna hii kwa ffmpeg, mara nyingi unaona `1k tbr`, kama vile video ina fremu 1,000 kwa sekunde. Namba hiyo haisemi lolote kuhusu kamera wala skrini. Muda ndani ya webm kwa kawaida hupimwa kwa milisekunde, na programu ikishindwa kubahatisha kasi ya fremu, huonyesha kipimo hicho. Fundi akaona namba ya ajabu, akaona airekebishe mlangoni. Mwanzoni palepale, ambapo alama za muda ndizo mali pekee ya kulinda, yeye akazifuta.

Kisha akazidisha. Alipoona picha ni fupi, akaivuta mara 2.5 kwenye programu ya kuhariri ili ifike dakika 40. Toleo hilo la pili nalo likasambazwa, na ndilo lililowachanganya watu zaidi, kwa sababu mwanzo na mwisho vinakwenda sawa na katikati hakuna kinachoshikana. Sababu ni ileile. Fremu hazikugawanyika sawasawa katika dakika 40. Pale mzungumzaji alipotembeza kishale sana fremu zilirundikana, kwa hiyo kipande hicho sasa kinatambaa nyuma ya sauti. Pale alipoacha slaidi moja itulie zilikuwa chache, na hapo picha inakimbia. Kuvuta kwa kipimo kimoja hakuwezi kurudisha kilichopotea kwa vipimo tofauti.

Hapa nitalisema tena jambo ambalo wasomaji wangu wa zamani wamelisikia kwangu mara nyingi: VirtualDub ya Avery Lee ilikuwa na adabu ambayo mafundi wa leo wameiacha. Katika dirisha lake la kasi ya fremu kulikuwa na sehemu mbili zilizotenganishwa. Moja ilibadilisha kasi ya chanzo, yaani fremu zilezile zipite haraka au polepole. Nyingine iligeuza kasi, yaani fremu ziongezwe au zipunguzwe na muda ubaki ulivyo. Fundi alilazimika kujua anataka lipi kabla hajabonyeza. Na wale waliokuwa wakihamisha kanda za harusi kutoka VHS kwenda DVD, kwa fremu 25 za PAL, walitazama midomo ya msemaji mwanzo, katikati na mwisho kabla hawajamkabidhi mwenye kanda diski yake. Fundi wetu alitazama sekunde chache za mwanzo kwenye VLC, akaridhika. VLC inacheza karibu kila kitu. Kufunguka kwa faili humo si ushahidi kwamba picha na sauti vinakwenda pamoja.

Amri iliyotakiwa haizidi ile kwa ugumu:

```
ffmpeg -i mhadhara.webm \
  -vf "scale=trunc(iw/2)*2:trunc(ih/2)*2,fps=30" \
  -c:v libx264 -crf 20 -pix_fmt yuv420p \
  -af aresample=async=1 -c:a aac -b:a 160k \
  -movflags +faststart mhadhara.mp4
```

`fps=30` iliyokaa baada ya `-i` inazisoma alama za muda kwanza. Slaidi ikitulia sekunde mbili, inarudia fremu ileile mpaka sekunde mbili zitimie. Matokeo ni fremu 72,000 kwa dakika 40, mwendo mmoja, na programu ya kuhariri haina cha kubahatisha. Hata `-r 30` yenyewe ingefaa kama angeihamishia upande wa pili wa `-i`. `aresample` hujaza ukimya pale sauti ilipokatika wakati wa kurekodi. `scale` inapunguza ukubwa wa picha kwa pikseli moja inapobidi, kwa sababu dirisha lililorekodiwa linaweza kuwa na upana au urefu wa namba witiri, na libx264 kwa yuv420p hukataa.

Kugundua kosa kabla ya kusambaza kulihitaji mstari mmoja:

```
ffprobe -v error -show_entries \
  stream=codec_type,duration -of csv mhadhara.mp4
```

Angeona video ina sekunde 960 na sauti 2,400, akasimama hapo hapo. Urefu wa faili la asili huenda asingeupata moja kwa moja, maana rekodi za kivinjari mara nyingi huonyesha `Duration: N/A`: kichwa cha faili huandikwa kabla rekodi haijaisha, na hakuna anayerudi kukikamilisha. Lakini `ffmpeg -i mhadhara.webm -c copy -f null -` hulipitia faili lote na kuonyesha mwishoni muda lilipofikia.

Matoleo yote mawili yaliyosambazwa hayarekebishiki, kwa kuwa alama za muda hazimo tena ndani yake. Aliye na webm ya asili asiifute. Aigeuze upya kutoka mwanzo. Na fundi yeyote atakayepokea rekodi ya kivinjari asiweke `-r` kabla ya `-i`.