Pampu ya shawa huuawa na bomba linaloilisha

Kuanzia Kilifi hadi Malindi utasikia lawama ileile: pampu ya shawa imekufa mapema. Ilifungwa ili iyape nguvu maji yanayoteremka kutoka tangi la paani, siku za mwanzo ikafanya kazi vizuri, kisha ikaanza kunguruma kana kwamba imemeza kokoto. Maji yakawa yanatoka kwa kukatikakatika, na hatimaye sili zikavuja. Mwenye nyumba akanunua nyingine yenye nguvu zaidi, nayo ikafa upesi kuliko ya kwanza. Katika hali kama hii fundi asianze kwa kuifungua pampu. Aanze kwa bomba linaloingia, kwa sababu pampu ya shawa imeundwa kusukuma maji yaliyoifikia yenyewe. Haikuundwa kuyatafuta.

Malindi na Kilifi hupata maji ya mfereji kutoka visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki, na maji hayo hayapatikani saa zote. Ndiyo maana nyumba nyingi zina tangi chini na jingine juu ya paa. Tangi la juu huhakikisha maji yapo, lakini haliyapi nguvu. Kila mita moja ya kimo kutoka usawa wa maji hadi kichwa cha shawa huleta presha ya takriban 0.1 baa tu. Tangi likiwa limekalia zege la nyumba isiyo na ghorofa, kichwa cha shawa kikiwa mita mbili kutoka sakafuni, presha anayoipata anayeoga haifiki hata 0.2 baa. Pampu ya 1.5 baa huongeza nguvu ambayo ungeipata kama tangi lako lingepandishwa mita 15 zaidi.

Pampu ya kawaida ya kazi hii ina mota moja na vyumba viwili, kimoja cha maji baridi na kingine cha maji moto, ili pande zote mbili zifike kwenye koki ya kuchanganyia zikiwa na nguvu sawa. Ndani yake mna swichi inayohisi mwendo wa maji. Ukifungua shawa, maji kidogo huanza kuteremka kwa uzito wake, swichi huyahisi, na mota huwaka. Mteremko huo mdogo, wa kama lita moja kwa dakika, ni lazima uwepo kabla mota haijawaka. Kichwa cha shawa kikiwa usawa mmoja na kitako cha tangi, au juu yake, pampu ya aina hii haitaamka. Hapo itabidi utafute ile inayoamshwa na kushuka kwa presha.

Tuseme nyumba yetu ina tangi juu ya zege, na pampu iko sakafuni bafuni. Kitako cha tangi kiko mita 3 juu ya pampu, na tangi likijaa usawa wa maji unakuwa mita 4. Bomba la maji baridi lina urefu wa mita 12, na ukihesabu elbo, tii na valvu, msuguano wake ni sawa na wa bomba la mita 16. Shawa ni ya kichwa kipana, inayotumia lita 18 kwa dakika.

Swali la kwanza ni maji mangapi yatapita kila upande. Vitabu vya maelekezo vya pampu hizi vingi vimeandikwa kwa nchi za baridi, ambako maji ya tangi ni ya baridi kali na upande wa moto hubeba sehemu kubwa ya mzigo. Pwani mambo hugeuka. Maji ya tangi lililopigwa jua yakiwa nyuzi 30, na ya silinda nyuzi 60, kupata maji ya kuoga ya nyuzi 40 unahitaji sehemu moja ya moto kwa mbili za baridi. Kati ya lita 18, lita 12 hupita upande wa baridi. Zaidi ya hapo, msimu wa joto watu hufunga moto kabisa, na lita zote 18 hupita bomba moja. Kwa hiyo bomba la baridi lipimwe kwa lita 18, si kwa nusu yake.

Hapa ndipo kosa kubwa huingia. Kitabu husema bomba la kuingilia liwe la milimita 22. Hilo ni bomba la shaba, ambalo tundu lake la ndani lina kama milimita 20. Fundi wetu hutumia PPR, na namba iliyochapwa kwenye PPR ni kipimo cha nje, ilhali ukuta wake ni mnene. PPR ya 20 ya daraja la PN20, ile inayoitwa nusu inchi, ina tundu la milimita 13.2. Ya 25, inayoitwa robo tatu, ina milimita 16.6. Ni PPR ya 32 pekee, yenye tundu la milimita 21.2, inayolingana na kile kitabu kilichotaka. Anayesoma 22 akanunua 25 hudhani amezidisha, kumbe amepunguza.

Tofauti ya milimita hizo chache huonekana kwenye msuguano. Kwa lita 12 kwa dakika, PPR ya 20 katika nyumba yetu hula takriban mita 3.3 za kimo. Tangi likijaa, kinachobaki kwenye mdomo wa pampu ni mita 0.7. Tangi likikaribia kuisha, kimo chote ni mita 3, yaani hakitoshi kulipa hata msuguano. Sasa pampu inaanza kuvuta. Hewa iliyoyeyuka ndani ya maji hutoka kwa mapovu, viungo visivyokazwa sawasawa huingiza hewa ya nje, na mapovu hayo ndiyo yale mangurumo. Sili zinazopozwa na kulainishwa na maji hubaki zikisuguana na hewa. Pampu kubwa zaidi kwenye bomba lilelile huvuta kwa nguvu zaidi na kujiua haraka zaidi.

PPR ya 25 hula mita 1.1 kwa lita 12, na hapo mtu angeridhika. Lakini moto ukifungwa na lita 18 zikapita bomba moja, msuguano hupanda hadi kama mita 2.3, na tangi likiwa chini hubaki mita 0.7 tu. PPR ya 32 katika hali hiyohiyo hula kama mita 0.7, na mita 2.3 hubaki. Ndiyo sababu ya kutoka tangini na 32 na kwenda nayo hadi kwenye pampu, bila kuipunguza njiani, na valvu ziwe za tundu kamili. Bomba hilo litoke tangini peke yake. Likigawana na choo, kila choo kinapojazwa pampu hunyimwa.

Kuna kipimo rahisi kisichohitaji hesabu. Pampu ikiwa imezimwa, fungua bomba pale linapoingia kwenye pampu, uyaachie maji yaingie kwenye ndoo ya lita 20, na uangalie saa. Katika nyumba yetu PPR ya 20 itaijaza kwa karibu dakika moja na nusu, na ile ya 32 kwa karibu nusu dakika. Kanuni nzuri ni kwamba bomba liweze kuleta lenyewe angalau maradufu ya maji yatakayotumiwa na pampu. Msuguano hukua karibu kwa mraba wa mwendo wa maji, hivyo ukitumia nusu ya uwezo wa bomba, karibu robo tatu ya kimo hubaki kuilisha pampu. Kwa shawa ya lita 18, ndoo ijae kwa nusu dakika au pungufu. Ikichelewa, usiifunge pampu, badilisha bomba.

Upande wa moto una hatari yake, hasa kwenye sola. Pampu nyingi haziruhusu maji yanayozidi nyuzi 60 au 65, na silinda ya sola alasiri huweza kupita hapo. Inahitajika valvu ya kupunguza joto kabla ya pampu, iliyotengenezwa kwa presha ndogo, la sivyo nayo itakula kimo. Maji moto pia hutoa mapovu, ambayo hupanda kuelekea bomba la kupumulia la silinda. Ukiunga pampu kwenye njia hiyohiyo juu ya silinda, itayanywa yote. Bomba la pampu lichukue maji kwa pembeni, kupitia flenji ambayo mrija wake unaingia ndani ya silinda, chini ya mahali hewa inapokusanyika. Na kule tangini, tundu linalolisha silinda liwe juu kidogo ya lile la baridi la pampu, ili maji yakiisha moto utangulie kukatika na anayeoga asibabuke.

Linabaki lile la kuunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Kishawishi ni kikubwa siku ambayo mfereji unatiririka kidogo tu. Pampu ikivuta kwenye bomba lenye presha ndogo, hunyang'anya nyumba zilizo mbele. Lililo baya zaidi ni kwamba huweza kuishusha presha ya bomba chini ya ile ya hewa. Kila ufa uliokuwa ukivujisha maji nje sasa huvuta ndani kilicho ardhini, na nyumba nyingi za Malindi na Kilifi humwaga maji taka kwenye mashimo ya uani. Uchafu huo hauingii bafuni kwako peke yako. Hubaki kwenye bomba unalonywea mtaa mzima. Nchini Uingereza, kanuni za mwaka 1999 zinataka idhini ya kampuni ya maji kabla ya kuunga pampu inayovuta zaidi ya lita 12 kwa dakika, moja kwa moja au kwa kupitia njia nyingine, kwenye bomba linaloleta maji ya kampuni hiyo nyumbani.

Hata mfereji ukiwa na nguvu, pampu haifai pale. Presha ya mtaa ikiwa 3 baa usiku na pampu ikaongeza 3, koki na mipira hubeba 6, na mwili wa pampu hupita kiwango cha kuingilia kilichoandikwa kwenye maelekezo yake. Upande wa moto nao bado unatoka tangini kwa nguvu ndogo. Baridi yenye nguvu hupenya kwenye koki ya kuchanganyia, hurudi nyuma kupitia silinda na kupanda hadi tangi la paani. Ukiona tangi linafurika huku boya limefunga vizuri, na maji yake yana uvuguvugu, hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuchunguza.

Mpangilio ulio salama huanzia kwenye mita: maji ya mfereji huanguka ndani ya tangi la chini kupitia boya, mdomo wa bomba ukiwa juu ya usawa wa maji ili pabaki nafasi ya hewa. Pampu ya kupandisha huyapeleka tangi la paani, na kutoka hapo ndipo pampu ya shawa hulishwa, baridi na moto kutoka tangi moja. Gharama ya kubadilisha mita 12 za PPR ya 20 kuwa ya 32 ilipwe kabla ya pampu kununuliwa, ukuta ukiwa bado haujawekwa vigae.