Namba ya Kweli, Barua ya Uongo

Kosa lilifanyika Alhamisi jioni, na halikutokana na uvivu. Kijana wa Ivuna aliyeitwa kwa barua kwenye usaili wa Jumatatu katika kampuni ya uwakala wa forodha mjini Tunduma alikuwa ameshafanya uchunguzi ambao wengi hawaufanyi. Usajili alikuwa ameuona, umri wa tovuti alikuwa ameupata, anwani alikuwa nayo. Kisha tarehe mbili zikagongana mbele ya macho yake. Akachukua simu, akapiga namba iliyoandikwa chini ya barua ileile, akauliza kulikoni.

Mchezo uliishia hapo. Safari ya kupanda kutoka bondeni, shilingi 45,000 za “vipimo vya afya” zilizotumwa kwa simu usiku wa kuamkia usaili, na duka la vipuri ambalo mmiliki wake hakuwahi kulisikia jina la kampuni hiyo, yote hayo yalikuwa mabaki tu.

Barua yenyewe haina haja ya kuelezwa. Ilizunguka vya kutosha kwenye makundi ya WhatsApp, na kila mtu ameuona ule muhuri wa bluu. Safu hii imeshalalamika kuhusu muhuri, na italalamika tena. Fundi wa mihuri aliyekaa chini ya mwavuli stendi haombi cheti cha mteja wake. Anaomba jina liandikwe vizuri asikosee herufi. Bado watu wazima wanaitazama ile duara ya wino kama wanaiona saini ya waziri.

Kijana hakuanza na muhuri, na kwa hilo anastahili sifa. Alianza BRELA, kwenye mfumo wa usajili kwa mtandao unaopatikana ors.brela.go.tz, akaandika jina la kampuni, akaikuta. Jina lilikuwa lilelile, namba ileile ya kwenye barua, mwaka wa usajili 2011. Hata sura ya namba ilikubaliana na mwaka: ilikuwa fupi, kama zilivyokuwa namba za kampuni kabla mfumo huo haujaanza mwaka 2018 na kuleta zile ndefu za tarakimu 9. Kazi safi.

Lakini alichothibitisha ni nini hasa? Kwamba kampuni yenye jina hilo ipo. Hakuthibitisha kwamba aliyeandika barua ndiye kampuni hiyo. Namba ya usajili si siri. Imechapwa kwenye barua za kampuni, kwenye hati za zabuni, na mtu yeyote mwenye simu anaipata BRELA kama alivyoipata yeye. Ni kama namba ya gari. Mwizi anaweza kuichora kwenye gari lolote, na askari akiitafuta kwenye kompyuta ataikuta ni ya mtu mwema anayelipa kodi.

Tena hata barua ikiwa imetoka kwenye kampuni yenyewe, usajili hausemi kampuni inafanya nini. Tanzania ilijifunza hilo kwa DECI, ile taasisi ya kupanda na kuvuna iliyokuwa na ofisi, foleni na makaratasi hadi serikali ilipoisimamisha mwaka 2009. Viongozi wake walitiwa hatiani mwaka 2013 kwa kupokea amana za watu bila leseni na kuendesha upatu. Waliopanga foleni hawakuwa wapumbavu. Walikuwa wameona karatasi.

Hatua ya pili kijana aliifanya kwa msaada wa ndugu yake anayefanya kazi Vwawa. Barua ilitaja tovuti inayoishia na .com, na ndugu akaingiza amri moja kwenye kompyuta ya ofisi:

```
whois mfano.com
```

Jibu huja na mistari mingi, ila mmoja tu ndio uliohitajika, ule unaoanza na `Creation Date`. Kwa tovuti za .co.tz mstari wa kutafuta ni `registered`. Tarehe iliyotokea ilikuwa ya siku 19 kabla ya barua.

Sasa tarehe hizo ziwekwe pamoja. Kampuni ya 2011. Tovuti ya siku 19. Tovuti changa peke yake haina kosa: kampuni iliyosajiliwa mwezi uliopita lazima iwe na tovuti changa, na mawakala wengi waaminifu wa Tunduma hawana tovuti kabisa, wana meza, kabati la mafaili na simu isiyonyamaza. Wala tovuti kongwe haimtakasi mtu, kwa sababu jina la kikoa linaweza kununuliwa likiwa na miaka kumi. Ndiyo maana mwangalifu hupita pia web.archive.org kuona ukurasa huo ulikuwa unauza nini zamani. Umri wa tovuti unapata maana unapowekwa kando ya umri wa kampuni. Hapa pengo lilikuwa zaidi ya miaka kumi, na ukurasa wenyewe ulijisifu kwamba kampuni “imekuwa mtandaoni tangu 2012”. Huo haukuwa wasiwasi tena. Ulikuwa uongo ulioandikwa.

Kijana aliuona. Hili ndilo linalouma. Alimwandikia ndugu yake kwamba tarehe haziingiliani, na ndugu akamjibu neno moja: uliza.

Akamuuliza yuleyule aliyemtilia shaka. Sauti ya mwanamke, yenye utulivu na Kiswahili cha ofisini, ikamwambia kwamba tovuti ya zamani ilidukuliwa, wamehamia mpya, na ofisi nayo imehama kutoka Sogea kwenda Mpemba kwa sababu ya ukarabati. Akatumiwa lokesheni. Kwa simu moja ya dakika nne, tarehe iliyogoma ilipata maelezo, anwani ya barua iliyokuwa bado haijakaguliwa ilifutwa, na nafasi yake ikachukuliwa na alama nyekundu kwenye ramani ambayo mtu yeyote anaweza kuidondosha popote, hata katikati ya Ziwa Rukwa.

Watetezi wake wanasema alifanya la busara, kwamba kuuliza si ujinga. Kuuliza si ujinga, kweli. Ujinga ni kumuuliza mshukiwa kama yeye ni mwizi na kuandika jibu lake kwenye faili la ushahidi. Hakuna jibu ambalo simu ile ingeweza kutoa na likawa na thamani. Kampuni ya kweli ingetoa maelezo mazuri, na matapeli nao wangetoa maelezo mazuri, pengine mazuri zaidi, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yao ya kutwa. Kipimo ambacho mkweli na mwongo wote wanakifaulu hakipimi kitu.

Na njia nyingine ilikuwepo, fupi na ya bei nafuu. Namba ya simu ilitakiwa itoke mahali ambapo mwandishi wa barua hakupagusa. Wakala wa forodha hafanyi kazi kwa usajili wa BRELA peke yake. Chini ya sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 lazima awe na leseni ya TRA, na leseni hiyo huisha kila tarehe 31 Desemba. Kwa hiyo forodhani wanajua nani yuko hai mwaka huu na nani amebaki jina. Swali la kuuliza huko halizidi pumzi moja: hii kampuni ina leseni, na ofisi yake iko wapi? Akishaipata ofisi, angeuliza ofisini kama Jumatatu kuna usaili.

Ama angempigia mtendaji wa mtaa wa Sogea. Hapa safu hii inakiri upendeleo wake wa siku zote. Mtendaji anajua nani amepanga wapi, nani amehama usiku, na kibao gani kimetundikwa juzi. Tangu nyumba zianze kupewa namba na mitaa majina kwenye zoezi la anwani za makazi, kazi hiyo imekuwa nyepesi: barua isiyo na jina la mtaa wala namba ya nyumba, yenye “mkabala na stendi” tu, imeshajieleza.

Wazee wa bondeni walilifanya hili bila intaneti. Barua ya kazi ilipofika na S.L.P. yake, baba hakumwandikia mwajiri kumuuliza kama yupo. Alimpa utingo wa lori jina la kampuni, utingo akashuka Tunduma, akatazama kibao, akaingia ndani akaulizia bei ya kusafirisha kitu fulani, akarudi wiki ya pili na habari kamili hadi rangi ya mlango. Mnunuzi wa chumvi ya Ivuna naye hakuwahi kumuuliza muuzaji kama chumvi ina mchanga, aliilamba. Vijana wana simu yenye nguvu kuliko ofisi nzima ya posta ya wakati ule, na wameacha kulamba.

Kuna kitu kingine ambacho karibu kila aliyesambaza barua ile alikiruka. Iliambatanishwa na leseni ya biashara “ya mwaka 2013”, yenye maneno Mkoa wa Songwe. Mkoa wa Songwe ulianza mwaka 2016. Hadi hapo Tunduma ilikuwa Mkoa wa Mbeya. Hakuna karani wa 2013 aliyejua jina la mkoa ambao haujazaliwa. Mtu wa Dar es Salaam asamehewe, lakini mwana wa Momba!

Upande wa pili wa mpaka nao una somo lake, maana vijana wengi wa Tunduma huitwa kazini ng'ambo, na huko msajili wa kampuni ni PACRA. Aprili 2024 vyombo vya dola vya Zambia vilivamia kampuni ya Golden Top Support Services mtaa wa Roma, Lusaka, na kukamata watu 77, wakiwemo raia 22 wa China. Zilikutwa laini za simu zaidi ya 13,000. Vijana wa Kizambia walikuwa wameajiriwa humo kama wahudumu wa simu, wakasomeshwa mazungumzo yaliyoandikwa tayari ya kuwalaghai watu mtandaoni. Raia hao wa China na Mkameruni mmoja walihukumiwa Juni mwaka huohuo. Jengo lilikuwepo, kwenye mtaa wa watu wenye nafasi, na meza zilikuwepo. Anwani halisi ilimhakikishia msailiwa kwamba atakuta watu ndani, basi.

Jumatatu hiyo kijana alisimama Mpemba mbele ya duka la vipuri hadi saa tano, simu ya mwanamke yule ikiwa haipatikani. Kisha akapanda bodaboda hadi Sogea kwenye anwani ya kwanza, ile iliyofutwa. Kampuni ilikuwepo, ghorofani, juu ya duka la magodoro. Mlangoni palibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa maka penseli, HATUNA USAILI, na mvua ilikuwa imeshaanza kuzifuta herufi za mwisho.