Shairi na neno moja: «Mawazo?»

Yatukia mara nyingi katika seminari na katika misioni zetu kwamba kijana aleta karatasi yenye shairi, na chini yake ameandika neno moja tu: «Mawazo?» Hasemi sababu gani alitunga, wala hasemi ataka nini. Mwalimu, padri au katekista aliyepokea karatasi hiyo ana njia tatu mbele yake. Aweza kujibu kwa moyo, akasema shairi lilimgusa namna gani. Aweza kujibu kama fundi, akapima mizani na vina. Tena aweza kuzungumza juu ya maana. Tunataka kuonyesha hapa namna ya kuchagua, maana jibu jema lililotolewa pasipo pahali pake laweza kumfunga kijana mdomo kwa miaka.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Kwetu «mawazo» lina sura mbili. Ni fikira, na mtu akiuliza «Mawazo?» aomba fikira zetu. Lakini mtu «mwenye mawazo» ni mtu mwenye mahangaiko, asiyelala usiku. Basi neno lile chini ya shairi laweza kuwa swali, tena laweza kuwa jina la kile kinachomlemea mtungaji. Ndiyo sababu hatuwezi kuchagua njia kwa kulitazama neno hilo peke yake. Sherti tulisome shairi.

Kusudi tusimwaibishe mtu, tumetunga sisi wenyewe shairi la mfano, la beti mbili, kama yale ambayo vijana wa kando ya ziwa hutuletea:

Mashua iliondoka, asubuhi na mapema,
Mkono akautweka, kwaheri akaisema,
Mama naye kaitika, ukingoni kasimama,
Sahani yake aweka, kila jioni ni mama.

Miaka ikazunguka, ziwa nalo likahema,
Wavuvi wakatamka, mashua ilishazama,
Mama hataki kusikia.
Sahani yake aweka, kila jioni ni mama.

Tuwape karatasi hii wasomaji watatu. Wa kwanza ni mtu wa moyo mwepesi. Asoma, machozi yamtoka, kisha aandika: «Nimemkumbuka ndugu yangu aliyekufa maji. Shairi lako ni zuri sana.» Wa pili ni mpenda sheria. Ahesabu kwa vidole na kuandika: «Mstari wa 7 una makosa matatu. Mizani ni 9, kina cha kati hakipo, na kipande cha pili kimepotea. Rekebisha.» Wa tatu amezoea kuhubiri. Aandika ukurasa mzima juu ya fadhila ya matumaini, na shairi limekuwa kwake mlango tu wa kuingilia katika hotuba aliyokuwa nayo tayari.

Tusiwacheke, kwa maana kila mmoja ameona jambo la kweli. Lakini ulizeni hivi: ni nani aliyeondoka katika mashua? Yule wa kwanza amesema ndugu. Shairi halisemi ndugu. Twasoma «akautweka», «akaisema», «yake», wala hakuna jina. Aweza kuwa mwana wa mama huyu. Aweza kuwa mume wake, na hapo anayesimulia ni mtoto anayemwona mama yake akimngojea baba. Kisha, anayesimulia mwenyewe awaza nini? Maneno ya wavuvi ameyasikia, naye ayataja waziwazi. Asiyetaka kusikia ni mama peke yake. Katika nyumba ile wamo watu wawili, mmoja akubali kwamba mashua imezama, mwingine akataa, nao wala meza moja na sahani ya tatu mbele yao. Uzito wa shairi uko hapo, na wasomaji wetu wote watatu wameupita.

Jambo hili si geni. Katika miaka ya 1920, mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Cambridge, I. A. Richards, aliwagawia wanafunzi wake mashairi bila jina la mtungaji. Aliwaacha nayo juma moja, kisha akakusanya waliyoandika. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1929 alionyesha makosa yao moja moja. Wengi walishindwa katika jambo la kwanza kabisa, yaani kufahamu shairi lasema nini kwa maneno yake ya wazi. Wengine waliandika kumbukumbu za maisha yao wenyewe, zisizokuwamo katika shairi. Wengine walipima kwa kanuni waliyoileta kutoka nje, wakalaumu kina kisicho sawa pasipo kuuliza kina hicho chafanya kazi gani pale. Wengine walilihukumu kwa mafundisho waliyoamini, wakalipenda au kulichukia kwa sababu hiyo tu. Nao hawakuwa watu wajinga, walikuwa wanafunzi wa chuo kikubwa wakisoma kwa lugha yao.

Kwa hiyo twasema: kabla ya kuchagua njia, lisimulie shairi kwa maneno ya kawaida, mstari kwa mstari, na usiongeze kitu. Pahali unapolazimika kuongeza, kama tulivyoona kwa neno «ndugu», weka alama kwa kalamu. Huenda mtungaji amelificha neno hilo kwa kusudi, au amelisahau. Kazi hii ni ya dakika kumi, na pasipo kuifanya njia zote tatu zapotea. Machozi yatakuwa juu ya jambo lako mwenyewe, fundi atarekebisha asichokifahamu, na mfasiri atafasiri shairi lingine.

Ukiisha kusimulia, tafuta mstari unaobeba mzigo. Namna ya kuujua ni hii: ondoa mstari mmoja, kisha soma zilizobaki. Ukiondoa «ziwa nalo likahema», tumepoteza picha nzuri, lakini hadithi yasimama. Ukiondoa «Mama hataki kusikia», yote yaanguka, kwa kuwa sahani ya mwisho inakuwa mazoea tu, wala si ukaidi wa mapendo. Yako pia mashairi ambayo mstari wowote waweza kuondoka wala hakuna kinachoanguka. Hayo ndiyo mashairi yaliyojengwa kwa maneno ya kuazima, na afadhali kumwambia mtungaji hivyo kwa upole kuliko kumsifu.

Sasa turudi kwa yule fundi, maana shutuma yake ni ya haki kwa sheria. Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji ng'ambo ya ziwa letu, alitoa mwaka 1954 kitabu cha sheria za kutunga mashairi, na kwa sheria za namna hiyo mstari wetu wa 7 hauwezi kupita. Kuurekebisha si kazi ngumu. Tuandike hivi:

Mama hayo hakutaka, kuyasikia daima.

Hesabuni: 8 na 8, kina «ka» na kina «ma». Sheria imetimizwa. Lakini sikilizeni kilichotokea. Neno «daima» halileti kitu, limeitwa kuja kujaza kina. Kitenzi kilikuwa cha leo, «hataki», sasa kimekuwa cha zamani, na mama amekuwa mtu wa hadithi. Zaidi ya hayo, kile kipande kilichopungua kilikuwa kimya, na kimya kile kilikuwa cha mama mwenyewe aliyekata maneno ya wavuvi. Tumeziba tundu, na pumzi ya shairi ilikuwa ikipita humo.

Je, twasema kila kosa la mizani ni hekima? Hapana. Kama mstari wa 2 ungekuwa na mizani 9, tungesema ni kosa, kwa sababu hakuna jambo lolote pale linalodai kuvunjika. Alama ya kuvunja kwa kusudi ni mbili: mistari mingine yote yafuata sheria vema, na kuvunjika kumeangukia pahali penye mzigo. Yakikosekana hayo, fundi na aseme bila kuogopa.

Baada ya hapo njia yachaguliwa kwa kumtazama aliyeleta karatasi. Kama pembeni ameandika hesabu za mizani, amefuta na kuandika tena mara mbili tatu, huyo anafanya kazi ya ufundi. Mwambie habari za mstari wa 7 na sababu zake. Kama karatasi ni safi, imeandikwa mara moja, na wajua kwamba kwao kuna msiba, usitaje mizani hata kidogo. Jibu kwa moyo, lakini moyo wako ushike mstari mmoja. Ukimwambia «ni zuri sana», hujamwambia kitu. Ukimwambia kwamba ile sahani ilikuzuia kuendelea kusoma, atajua kwamba mtu amemsikia. Na kama mtungaji ni mtu apendaye kuhojiana, aliyeweka swali ndani ya shairi, zungumza naye juu ya maana: je, mama huyu ana matumaini, ama anakataa ukweli? Shairi halikati neno, wala wewe usimkatie.

Usipoona alama yoyote, mrudishie jibu fupi lenye kuacha njia zote wazi. Mfano wake ni huu: «Nimesoma shairi lako mara tatu. Naona mtu aliyeondoka kwa mashua, wavuvi wanaosema imezama, na mama anayeweka sahani. Aliyeondoka hukumtaja. Katika mstari wa 7 nilisimama, kwa kuwa sauti yakatika pale mama anapokataa kusikia. Je, uliukata kwa kusudi?» Katika maneno hayo machache umesimulia maana ya wazi, umeonyesha ulipoguswa, na umetaja ufundi bila kuhukumu. Yeye mwenyewe atafungua mlango mmoja. Akijibu, «Nilishindwa kupata kina», mwendeeni kama mafundi. Akijibu, «Ni baba yangu», basi kalamu na ilale, keti naye.

Swali la «Sahani ni ya nani?» tumeliacha nje kwa kusudi. Katika darasa ni swali bora kuliko yote. Lakini kwa mtu usiyejua ana nini moyoni, laweza kumlazimisha kutaja jina ambalo alitunga beti mbili nzima kusudi asilitaje.