Nyongeza ya Karani wa Ghala

"Shikamoo bosi. Samahani kwa usumbufu. Hali ngumu, watoto wako shule, naomba uniangalie kwenye mshahara."

Karani wa ghala la korosho Nachingwea alimwonyesha ujumbe huo mama mwenye steshenari mjini Ruangwa kabla hajautuma. Napenda kumtazama mama yule akifanya kazi, maana haandiki neno mpaka amalize kuuliza.

"Mwanangu, uliajiriwa ufanye nini? Na sasa unafanya nini?"

Aliajiriwa kupima magunia na kujaza daftari. Kwa misimu miwili sasa anaandaa pia nyaraka za stakabadhi ghalani, kazi aliyokuwa akiifanya kibarua wa msimu kwa shilingi 250,000 kwa mwezi, miezi mitatu. Kibarua huyo hakuitwa tena. Mama akavuta kikokotoo: mwajiri anabakiwa na 750,000 kila mwaka. Nyongeza ya 60,000 kwa mwezi ni 720,000 kwa mwaka. Kiasi cha kuomba kikawa kimepatikana, na bosi haongezi hata senti juu ya alichokuwa akilipa zamani.

Kijana alitaka iandikwe kwamba hakuna kilo iliyopotea mikononi mwake. Mama akakataa. Korosho hukauka ghalani na uzito hupungua, na mwenye ghala analijua hilo. Dai la namna hiyo lingemtia shaka hata kwenye yale ya kweli. Wakaandika linaloonekana kwenye faili: nyaraka zilizorudishwa kwa makosa.

Kisha yakaja masaa ya ziada, usiku wa kupakia malori. Hapa ndipo nilipomvulia kofia. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, masaa ya kawaida hayazidi 45 kwa wiki, na ya ziada hulipwa angalau mara moja na nusu. Hayo ni deni, akasema, yaandikiwe barua yake. Ukiyachanganya na ombi la nyongeza, bosi atalipa deni na kuona ameshakuongeza.

Ujumbe ukatoka hivi:

"Shikamoo bosi. Tangu misimu miwili iliyopita ninaandaa nyaraka za stakabadhi pamoja na kazi yangu ya mizani. Msimu uliopita zilirudishwa mbili tu kwa makosa; orodha ninayo. Kazi hiyo ilikuwa ikigharimu 750,000 kwa msimu. Ninaomba mshahara wangu upande kutoka 320,000 hadi 380,000 kuanzia Septemba. Ninaomba tukae Jumatano mchana nikuonyeshe faili."

Shikamoo imebaki, kwa kuwa bosi ni mtu mzima. Samahani imeondoka, na watoto wameondoka, maana ada yao haimwonyeshi mwajiri thamani ya kazi. Mama akamwambia autume Agosti hiyohiyo. Minada ya korosho huanza Oktoba, na bosi akishapanga vibarua wa msimu, zile 750,000 zitakuwa zimeshapata matumizi mengine.